Rozela: Kutoka Maua Makavu hadi Kinywaji Chekundu

Rozela, ambayo Tanzania huitwa pia choya, ni mmea wa ukoo mmoja na bamia na pamba. Kinachouzwa sokoni kwa jina la maua ya rozela si ua lenyewe. Ua la mmea huu lina petali za manjano mpauko zenye doa jekundu la kiza katikati, nalo huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Petali zikishaanguka, kikombe kilichokuwa kimelishika ua hakifi pamoja nalo. Huendelea kukua, hunenepa na kujaa maji yenye asidi na rangi nyekundu, huku kikilifumbata tunda dogo la kijani lenye mbegu. Kikombe hicho ndicho kinachokaushwa, na ndicho ambacho wauzaji na wanywaji wote hukiita ua. Katika makala haya pia neno hilo linatumika kwa maana hiyo ya sokoni.

Ua bichi la rozela ni maji kwa karibu sehemu 9 kati ya 10. Kinachobaki ni asidi, hasa ya sitriki na ya maliki, pamoja na rangi za kundi la anthosayanini, utelezi kidogo kama ule wa bamia, na nyuzi. Kazi ya kukausha ni kuyaondoa maji bila kuiharibu rangi wala kuipoteza ile ladha kali. Kazi ya kupika ni kuyarudisha maji ili yabebe vyote viwili hadi kwenye glasi. Maji ndiyo yanayoamua pia muda wa kuhifadhi: ua likiwa kavu hukaa mwaka mzima, lakini likishalowekwa, siku zake zinahesabika.

Kuvuna kwa wakati wake

Rozela hutoa maua siku zinapokuwa fupi. Katikati ya Tanzania, kama Dodoma na Singida, hupandwa mvua zinapoanza kushika, na mavuno huangukia miezi ambayo mvua zinakatika na kiangazi kinaingia. Jua ni kali, upepo upo na hewa haina unyevu mwingi, hivyo maua hukauka upesi. Mwambao una shida yake. Hewa ya huko hubeba unyevu karibu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei yanaweza kulikuta zao likiwa tayari shambani. Mkaushaji wa Tanga au Unguja anahitaji kikaushio kilichofunikwa pale ambapo mwenzake wa Dodoma anatosheka na chekeche na kivuli.

Ua huwa tayari wiki mbili hadi tatu baada ya petali kuanguka. Wakati huo ni nene na laini, na likikunjwa kwa vidole huvunjika kwa mlio mdogo kama wa tango. Tunda la ndani bado ni la kijani na halijapasuka. Likivunwa mapema linakuwa jembamba na halina uzito. Likicheleweshwa hadi tunda likauke na kuwa la kahawia, ua nalo huwa gumu, hupoteza maji na asidi, na mbegu huanza kumwagika ndani yake. Kwa kuwa maua ya mmea mmoja hayakomai siku moja, shamba huchumwa kwa awamu, kila baada ya siku chache.

Kuondoa tunda

Maua yaliyovunwa husafishwa yakiwa bado mazima, kabla tunda halijatolewa. Huchovywa kwenye beseni la maji safi, hutikiswa haraka ili vumbi na wadudu watoke, kisha huwekwa kwenye ungo au chekeche yachuje. Kuyaosha baada ya kuyafungua ni hasara, kwa sababu rangi na asidi huanza kutoka pale ilipokatwa nyama yake.

Njia rahisi ya kulitoa tunda ni kutumia bomba fupi la chuma kisichoshika kutu, lenye upana unaolizidi tunda kidogo na ncha iliyonolewa. Bomba husukumwa kutokea upande wa kikonyo, tunda likatoka kwa juu, na ua likabaki zima kama taji. Asiye na bomba hukata kitako cha ua kwa kisu na kulisukuma tunda kwa kidole. Kitako chote kinene kikiachwa, kitakuwa cha mwisho kukauka, na hapo ndipo ukungu huanzia. Matunda hayatupwi yote: yale yaliyokomaa zaidi huanikwa kando ili yatoe mbegu za msimu ujao.

Uzito hupungua sana katika hatua hizi, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupanga biashara. Kilo 10 zilizochumwa shambani, tunda likiwa bado ndani, hutoa takribani kilo 5 za maua matupu. Hizo kilo 5 zikikauka vizuri hubaki gramu 550 hadi 650. Ndiyo maana bei ya kilo moja ya maua makavu huonekana kubwa kwa mtu asiyewahi kuyakausha.

Kukausha

Maua hutandazwa kwa safu moja juu ya chekeche lenye wavu wa plastiki au wa nailoni, lililoinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite juu na chini. Wavu wa chuma unaoshika kutu haufai, kwa kuwa asidi huula na kuacha madoa meusi. Mkeka au turubai lililotandikwa chini hukausha upande mmoja tu, na upande wa pili hutoa jasho. Vumbi, kuku na nzi nao hufika kwa urahisi.

Jua la moja kwa moja hukausha haraka, lakini mwanga huo huo huifisha rangi. Maua yaliyoanikwa juani siku nyingi hupauka na kuelekea kahawia upande wa juu. Suluhisho ni kivuli chenye upepo, au kikaushio cha jua: sanduku la mbao lenye paa la plastiki angavu, matundu ya hewa chini na juu, na pale inapowezekana kitambaa cheusi kinachopokea mwanga badala ya maua. Joto linalofaa ni nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Likizidi nyuzi 70, rangi huungua, na kinywaji huwa na harufu ya kitu kilichopikwa. Joto likiwa dogo mno na hewa nzito, maua huanza kuchacha kabla hayajakauka.

Katika hewa kavu ya bara, kikaushio kizuri humaliza kazi kwa siku 2 hadi 3, na kivuli chenye upepo kwa siku 4 hadi 6. Kila jioni maua huingizwa ndani au hufunikwa, kwa sababu umande wa usiku mmoja unaweza kurudisha unyevu uliotolewa mchana kutwa. Hugeuzwa mara mbili kwa siku katika siku mbili za mwanzo.

Makosa mengi hufanyika wakati wa kuamua kama maua yamekauka. Ncha nyembamba hukauka siku ya kwanza na kumdanganya mtazamaji. Anayetaka kuwa na hakika hupima kitako. Kikivunjwa kinapaswa kukatika kwa mlio, bila kunata wala kukunjika kama ngozi. Mwenye mizani ana kipimo bora zaidi. Kilo 1 ya maua matupu huwekwa kwenye chekeche lake peke yake, na hupimwa kila jioni. Uzito ukifika gramu 110 hadi 130, na ukaacha kushuka kutoka siku moja hadi nyingine, maji yaliyobaki ni karibu asilimia 10, na ukungu hauwezi kuota humo. Ukiwa umesimama kwenye gramu 180, maua bado yana unyevu wa hatari, hata kama kwa mkono yanaonekana makavu. Hali hiyo hutokea hewa ikiwa na unyevu mwingi, na dawa yake ni kuongeza joto kwenye kikaushio. Kuongeza siku tu hakusaidii.

Baada ya hapo kuna jaribio la mwisho. Maua huachwa yapoe, hujazwa kwenye chupa ya kioo hadi theluthi mbili, hufungwa na kuachwa siku 4 hadi 5, huku chupa ikitikiswa kila siku. Maua yaliyokauka zaidi hunyonya unyevu wa yale yaliyobaki nyuma, na yote hulingana. Matone yakionekana kwenye kioo, au maua yakishikana, hurudishwa kwenye kikaushio siku hiyo hiyo. Yakionekana na nywele nyeupe au za kijani, au yakitoa harufu ya ghala bovu, hutupwa yote. Kuyachambua hakutoshi, kwa sababu sumu ya ukungu haionekani na haiondolewi kwa kuchemsha.

Maua mazuri huwekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, mahali pakavu na pa baridi. Huhifadhiwa yakiwa mazima. Yakisagwa, hewa hugusa eneo kubwa zaidi, na rangi hufifia upesi. Yakihifadhiwa hivyo hukaa mwaka 1 yakiwa na nguvu. Baada ya hapo hayawi sumu, ila rangi hukimbilia kahawia, na mpishi hulazimika kuongeza kiasi ili apate kinywaji kile kile. Mnunuzi huyatambua maua ya zamani kwa rangi hiyo, na kwa vumbi jingi chini ya mfuko.

Kupika

Kiasi kinachowatosheleza wengi ni gramu 50 za maua makavu kwa lita 2 za maji. Maua husuuzwa kwa maji baridi kwa sekunde chache tu. Maji yakianza kuwa mekundu sana, ladha nayo inamwagika. Lita 1 ya maji huchemshwa, na kama tangawizi, mdalasini au karafuu vinatakiwa, huchemka humo kwa dakika 10 kwanza, kwa sababu viungo hivyo huhitaji muda mrefu kuliko rozela. Kisha moto huzimwa, maua hutiwa, sufuria hufunikwa, na huachwa dakika 15. Maji huchujwa. Lita ya pili ya maji yaliyochemka humiminwa juu ya maua yale yale, huachwa dakika 10, huchujwa na kuchanganywa na ya kwanza. Njia hii ya mikono miwili hutoa ladha zaidi kuliko kumwaga lita 2 kwa mpigo. Mwishoni hupatikana kama lita 1 na robo tatu, kwa kuwa maua hunywa sehemu ya maji. Kuyakamua kwa nguvu ili kuidai sehemu hiyo huleta utelezi na uchungu.

Wengi huyachemsha maua kwa nusu saa wakidhani rangi itakolea. Huanza kweli kukolea, kisha matokeo hugeuka. Joto la muda mrefu huvunja anthosayanini, na wekundu mkali huwa wa matofali. Utelezi wa ukoo wa bamia nao hutoka, kinywaji kikawa kizito na kinachovutika. Anayetaka kinywaji kikali zaidi huongeza maua na kuacha muda ulivyo.

Njia ya pili ni ya baridi. Gramu 50 hizo hulowekwa kwenye lita 2 za maji yaliyochemshwa na kupoa, na chombo huwekwa kwenye friji kwa saa 8 hadi 12. Kinywaji hutoka chekundu angavu, chenye harufu ya matunda kuliko ya chai. Udhaifu wake ni kwamba vijidudu vilivyokuja na maua havikukutana na moto, hivyo hakikai muda mrefu.

Chombo cha kupikia nacho kina sauti. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na rozela ni chachu karibu kama maji ya limau. Dakika 15 hazileti madhara makubwa, lakini kinywaji kikilala humo usiku kucha, asidi hula chuma, rangi hubadilika kuelekea zambarau iliyokufa, na ulimi huhisi ladha ya bati. Chuma kisichoshika kutu, enameli isiyobanduka, kioo na udongo ndivyo vinavyofaa.

Rangi yenyewe hubadilika kwa kufuata asidi. Tone la limau huung'arisha wekundu. Magadi kidogo huugeuza kuwa zambarau, kisha samawati ya kijani. Kwa hiyo kutia magadi ili kupunguza ukali ni kukiharibu kinywaji: rangi hupotea, na ladha ya sabuni huingia. Tabia hiyo humsaidia mnunuzi anayetilia shaka juisi ya chupa. Chembe ya magadi ikitiwa kwenye kijiko cha rozela halisi, wekundu hugeuka papo hapo, ilhali rangi nyingi za unga zinazotiwa kwenye vinywaji hubaki nyekundu.

Kutia utamu

Sukari haipunguzi asidi. Huuficha ukali wake tu. Ndiyo maana kinywaji kitamu cha rozela bado huuma meno, na ni busara kusukutua kwa maji baada ya kukinywa. Kipimo cha kawaida ni gramu 80 hadi 100 kwa lita, yaani vijiko vya mezani 6 hadi 8 visivyojaa sana. Kwa chungu cha lita 1 na robo tatu kilichoelezwa hapo juu, gramu 150 zinatosha kuanzia. Sukari hutiwa baada ya kuchuja, kinywaji kikiwa bado cha moto, ili iyeyuke yote. Baridi huufanya ulimi uhisi utamu mdogo, hivyo kinywaji cha friji huonjwa kikiwa kimepoa kabla ya kuamua kuongeza. Chembe ya chumvi, isiyofika hata robo ya kijiko cha chai, huulainisha ukali kwa namna ambayo sukari peke yake haiwezi.

Asali hutiwa kinywaji kikiwa vuguvugu, ili harufu yake isipotee na mvuke. Nanasi au embe lililosagwa hupunguza haja ya sukari, lakini vipande vya matunda huleta vijidudu vipya, na kinywaji chenye matunda ni cha kunywa siku hiyo.

Kwa anayetaka akiba, njia bora ni sharubati nzito. Gramu 100 za maua hulowekwa kwenye maji ya moto kiasi cha kupata lita 1 ya maji mekundu sana baada ya kuchuja. Humo huyeyushwa kilo 1 na nusu ya sukari kwa moto mdogo, bila kuchemka sana. Sehemu 1 ya sharubati hii huchanganywa na sehemu 7 za maji wakati wa kunywa, na utamu huja karibu sawa na ule wa kinywaji cha kawaida.

Muda wa kukaa

Asidi ya rozela huwazuia bakteria wengi wanaoharibu vyakula, lakini hamira na ukungu huivumilia. Kwa hiyo adui mkuu wa kinywaji hiki ni kuchacha. Sukari ina pande mbili hapa. Ikiwa gramu 100 kwa lita, ni chakula cha hamira na huharakisha kuchacha. Ikifika asilimia 60, kama kwenye sharubati, huyashika maji yote, na hamira hukosa ya kutumia. Ni kwa sababu hiyo kinywaji kitamu kiasi huharibika kabla ya kile kisicho na sukari, na sharubati hukaa kuliko vyote.

Kinywaji kilichopikwa kwa moto, kikichujwa kwa kitambaa safi na kufunikwa, hakipaswi kulala mezani katika joto la mwambao. Kinyweke siku hiyo. Kwenye friji hukaa siku 4 hadi 5. Cha kulowekwa kwa baridi hukaa siku 2 hadi 3. Kikigandishwa hukaa miezi kadhaa, na barafu yake hufaa kutiwa kwenye glasi bila kukizimua. Sharubati ikijazwa ya moto kwenye chupa safi na kufungwa, hukaa miezi; ikishafunguliwa, mahali pake ni friji, na kijiko cha majimaji hakiingizwi humo.

Anayetaka kuhifadhi kinywaji cha kawaida bila friji hukipasha hadi nyuzi 85, yaani mvuke ukiwa mwingi na vipovu vidogo vikiinuka pembeni kabla ya kuchemka. Hukimimina mara moja kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na zikiwa bado za moto, huzifunga, na kuzilaza ubavu dakika chache ili joto liguse kizibo. Chupa za maji za plastiki hujikunja kwa joto hilo. Chupa iliyofungwa vyema, ikiwekwa gizani, huweza kukaa wiki nyingi, ingawa rangi hufifia mapema kuliko ladha: kioo angavu kwenye rafu yenye mwanga huonyesha ukahawia kabla kinywaji hakijaharibika.

Kuchacha hujitangaza. Kizibo hutoa mlio kama wa soda, vipovu hupanda vyenyewe, harufu ya pombe au siki hutokea, na utando hujikusanya juu. Tope jekundu lililotulia chini, bila dalili hizo, ni vumbi la maua tu. Chupa yenye gesi hufunguliwa polepole na kumwagwa. Kuichemsha upya hakurudishi ladha.

Wekundu wa rozela husababisha watu wengi kuamini kwamba inaongeza damu. Rangi hiyo ni anthosayanini na haina uhusiano na madini ya chuma, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa na kutibiwa. Athari inayojulikana vizuri zaidi ni kwamba rozela hushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani. Anayetumia dawa za shinikizo humweleza daktari wake kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, na mjamzito naye hupata ushauri kwanza.